Kujaza viti vya Jumanne hadi Alhamisi kabla ya msongamano wa Krismasi: mwongozo kwa saluni za Mbeya

Anayepita Mwanjelwa asubuhi ya Jumatano, wiki ya kwanza ya Desemba, atawakuta wasusi wengi wamekaa kwenye viti vya wateja, wengine wakisukana wao kwa wao ili siku isogee. Akipita tena tarehe 23 saa tatu usiku atakuta taa bado zinawaka, wateja wamekalia hadi ndoo zilizofudikizwa, na msusi anaanza kichwa ambacho anajua hakitakwisha kabla ya saa sita. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuitoa sehemu ya kazi ya usiku ule na kuileta kwenye asubuhi ile, kwa ofa ndogo yenye nafasi zinazohesabika na bila kushusha bei. Mifano inatoka kwenye saluni yangu iliyo jirani na Kabwe, yenye wasusi wawili na fundi mmoja wa dawa na kuseti. Mwenye saluni kubwa au ndogo zaidi abadilishe hesabu, lakini mpangilio abaki nao.

Hatua ya kwanza: anza na kalenda, si na tangazo

Mwaka 2024 nilitangaza punguzo la asilimia 20 kwa kila atakayekuja kati ya Jumatatu na Alhamisi, kuanzia mwanzo wa Desemba hadi mkesha wa Krismasi. Sikuangalia kalenda. Krismasi ya mwaka ule iliangukia Jumatano, kwa hiyo Jumatatu tarehe 23 na Jumanne tarehe 24, siku mbili ambazo watu wangepanga foleni kwa bei yoyote, zilikuwa ndani ya ofa yangu mwenyewe. Wateja walisoma tangazo vizuri kuliko nilivyoliandika: walisubiri siku hizo mbili, wakaja kwa wingi, wakalipa pungufu, na asubuhi za mwanzoni mwa mwezi zikabaki wazi kama kawaida.

Tangu hapo ofa yangu haitaji "siku za wiki", inataja tarehe. Mwaka 2026 Krismasi ni Ijumaa, hivyo wiki nzima ya tarehe 21 hadi 24 ni ya msongamano na haiguswi na ofa ya kusuka. Jumatano tarehe 9 ni Sikukuu ya Uhuru, ambayo watumishi wengi hawaendi kazini na saluni hupata watu bila kuitwa; nayo naitoa. Wiki ya tarehe 15 hadi 17 tayari ina wateja wanaojipanga wenyewe, kwa hiyo pale nachukua miadi ya kawaida kwa bei ya kawaida, bila zawadi yoyote. Baada ya mchujo huo nimebaki na siku tano tu: Jumanne tarehe 1, Jumatano tarehe 2, Alhamisi tarehe 3, Jumanne tarehe 8 na Alhamisi tarehe 10.

Saa nazo zinachaguliwa. Daftari la miadi la mwaka uliopita ndilo shahidi mzuri. Kama halipo, kaa wiki mbili ukiandika kila mteja aliingia saa ngapi na alifanya nini. Langu lilionyesha kwamba pengo kubwa ni kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana, kwa sababu baada ya hapo hupita wateja wa njiani wanaotoka kazini au sokoni. Asubuhi ina faida nyingine kwetu huku: mvua za Desemba hupenda kushuka mchana na jioni, na mteja aliyepanga kuja saa tisa akiliona wingu jeusi juu ya Loleza hupiga simu kuahirisha.

Hatua ya pili: chagua kazi inayokubali kuwahi

Si kila huduma inaweza kuhamishwa. Anayetaka kuoshwa na kusetiwa hawezi kuja tarehe 3 kwa ajili ya tarehe 25, maana kuseti hukaa siku chache tu. Rasta ni tofauti. Rasta za wastani zilizosukwa vizuri, na mwenyewe akilala amefunga kitambaa, hukaa kati ya wiki nne na sita. Nazo ndizo zinazokula muda: kichwa kimoja kwa msusi mmoja ni kama saa tano. Ukikiondoa kichwa kimoja cha rasta kwenye tarehe 23, kwenye kiti kilekile unapata nafasi ya wateja kadhaa wa kazi fupi. Kwa hiyo ofa yote naielekeza kwenye rasta za wastani, basi.

Kikwazo ni kwamba mteja anaogopa kufika siku ya sikukuu akiwa na nywele zilizochakaa, na hofu hiyo ina msingi. Nywele huota kama sentimita moja na kidogo kwa mwezi, kwa hiyo aliyesukwa tarehe 3 atakuwa na chini ya sentimita moja ya ukuaji siku ya Krismasi. Nyuma na katikati ya kichwa hilo halionekani. Linaonekana mbele, kwenye mstari wa uso na pembeni mwa masikio, ambako nywele ni laini, huguswa na maji kila asubuhi na kusuguliwa na kitambaa usiku. Tatizo la rasta za wiki tatu kwa kawaida ni mistari miwili ya mbele tu, na kuifumua na kuisuka upya huchukua dakika 45.

Hapo ndipo ofa inapozaliwa. Mteja anasukwa kichwa kizima asubuhi ya siku tulivu mwanzoni mwa Desemba, kisha kati ya tarehe 21 na 23 anarudi kusukiwa upya mistari miwili ya mbele bila malipo. Kazi ya saa tano imehama, na kwenye wiki ya msongamano zimebaki dakika 45.

Kuna wateja wanaotaka dawa ya kunyoosha pamoja na rasta. Hao wasifanyiwe vyote siku moja, kwa kuwa nywele na ngozi zilizotoka kwenye dawa hazistahili kuvutwa. Mimi huacha wiki mbili katikati. Kalenda ya mwaka huu inalingana vizuri na hilo: aliyewekewa dawa Jumanne tarehe 24 Novemba anasukwa Jumanne tarehe 8 Desemba, na wa Alhamisi tarehe 26 Novemba anasukwa Alhamisi tarehe 10. Kwa njia hiyo fundi wa dawa naye anapata kazi katika siku zake za kupwaya.

Hatua ya tatu: piga hesabu ya zawadi dhidi ya punguzo

Kwangu kusuka rasta za wastani ni shilingi 30,000, rasta zenyewe mteja analeta. Msusi anachukua asilimia 40, yaani 12,000. Jeli, mafuta na gesi ya maji ya moto vinagharimu kama 1,500. Saluni inabaki na 16,500.

Tuseme natoa punguzo la 6,000. Kwanza lazima niamue nani analibeba, na jibu langu ni kwamba msusi asiguswe. Msusi akipata pungufu kwa kazi ileile ya saa tano, atawaambia wateja wake taratibu kwamba wangoje tarehe 24, na hutajua kwa nini ofa imedoda. Basi punguzo lote linatoka kwenye fungu la saluni, ambalo linashuka kutoka 16,500 hadi 10,500. Kila mteja ambaye asingekuja kabisa ananipa 10,500. Kila ambaye angekuja tu siku hizohizo kwa bei kamili ananipotezea 6,000. Katika wateja 10, wakiwa wapya watatu tu napata 31,500 na kupoteza 42,000. Nahitaji angalau wanne ndipo nisiingie hasara.

Sasa chukua zawadi ya kurudiwa mbele. Bei inabaki 30,000. Msusi namlipa 3,000 ya ziada kwa zile dakika 45, na jeli ni 500, kwa hiyo zawadi inanigharimu 3,500. Mteja mpya ananiachia 13,000, na aliyekuwa aje vyovyote vile ananigharimu 3,500. Katika 10, watatu wapya wananipa 39,000 dhidi ya 24,500 inayopotea kwa wale saba. Hata wakiwa wawili tu, nakosa 2,000 pekee. Kuna na jambo lisiloonekana kwenye hesabu: mteja aliyelipa 24,000 Desemba ataiona 30,000 ya Februari kama nimepandisha bei, lakini aliyepewa zawadi hana bei nyingine kichwani.

Hatua ya nne: hesabu za marudio ziamue idadi ya nafasi

Wengi hujikwaa hapa. Wanauza nafasi 30 za mwanzoni mwa mwezi, halafu tarehe 22 wanatokewa na watu 30 wanaodai mistari ya mbele huku wanaolipa wakisubiri nje. Anza mwisho, urudi nyuma. Marudio nayafanya saa moja hadi saa tatu asubuhi, kabla saluni haijafunguliwa kwa wengine, tarehe 21, 22 na 23. Kwa saa mbili msusi mmoja anahudumia watu wawili na kubaki na nusu saa ya wachelewaji. Wasusi wawili kwa asubuhi tatu ni watu 12. Upande wa mwanzo, siku tano kwa wasusi wawili, kichwa kimoja kila asubuhi, ni nafasi 10. Kumi zinaingia ndani ya 12, na mbili zinabaki za dharura. Kama upande wa mwanzo ungekuwa na 16, ningeuza 12 tu na nisingehangaika na nyingine.

Tarehe ya kurudi inaandikwa siku ileile mteja anapolipia. Ahadi ya "utapita wiki ile" haifai, kwa sababu wote watapita tarehe 23 jioni.

Hatua ya tano: mtafute ambaye msongamano wake unagongana na wako

Mteja wa kwanza wa kumwendea ni yule ambaye wiki ya Krismasi hana nafasi hata ya kukaa. Mama mwenye duka la nguo za watoto Mwanjelwa, fundi cherehani mwenye sare za kwaya za kumalizia, wakata tiketi wa stendi, wapishi wa sherehe: hawa wote tarehe 20 hadi 24 wako kwenye kazi zao, na mwaka hadi mwaka hufika kanisani na kilemba. Kwao kuwahi si kujinyima, ni nafuu. Wa pili ni wauguzi na wengine wa zamu, ambao asubuhi ya Jumanne kwao inaweza kuwa siku ya mapumziko. Wanakwaya nao ni wazuri, ila huja kwa kundi na hutaka siku moja wote. Ukiwa na viti viwili, usiwakubalie zaidi ya wawili kwa siku, hata wakibembeleza.

Tangazo naliweka baada ya mishahara ya Novemba kutoka, na siliweki kwenye hali ya wasapu kwanza. Naandika majina 15 kutoka kwenye daftari, kila mmoja wa kumi wa kwanza nampangia siku, kisha namtumia yeye peke yake ujumbe wa namna hii:

"Habari dada. Kabla ya msongamano wa sikukuu tuna nafasi kumi za rasta: tarehe 1, 2, 3, 8 na 10 Desemba, saa mbili asubuhi. Bei ni ileile, 30,000. Atakayesukwa siku hizo atarudi tarehe 21, 22 au 23 asubuhi kusukiwa upya mistari miwili ya mbele bila kulipa. Nimekuwekea Jumatano tarehe 2. Nijulishe kabla ya kesho jioni ili nisimpe mwingine. Kianzio ni 10,000."

Siku moja iliyotajwa humfanya mtu aamue. Orodha ya siku tano humfanya aseme atafikiria. Asiyejibu hadi jioni ya pili, nafasi yake inakwenda kwa jina linalofuata kwenye orodha, na simlaumu mtu. Akina mama wa umri mkubwa nawapigia simu, kwa kuwa ujumbe wanausoma baada ya siku tatu. Mazungumzo huwa hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, hamjambo huko?"

"Hatujambo mama. Rasta za Krismasi mwaka huu tukusukie lini?"

"Mh, tarehe ishirini na kitu, nikipata wa kuniangalizia duka."

"Siku hizo duka litakuwa limefurika, mama. Nina Alhamisi tarehe 3 saa mbili asubuhi, halafu tarehe 21 unarudi tunakusukia upya mbele, hulipi tena."

"Si zitakuwa zimeshazeeka?"

"Nyuma hazionekani, mama. Zinazoonekana ni za mbele, na hizo zitakuwa za siku nne tu."

Jibu hilo la mwisho ndilo linalouza. Wasusi wangu wote wanalijua, maana swali la kuzeeka halikosekani.

Hatua ya sita: kianzio na masharti yake

Nafasi isiyolipiwa chochote si nafasi, ni mazungumzo. Kianzio cha 10,000 kinatumwa kwa Lipa Namba ya saluni, si kwa namba ya msusi, na kinakatwa kwenye ile 30,000 siku ya kusuka. Kwenye daftari naandika jina la mteja, jina lililotokea kwenye ujumbe wa malipo na saa ya muamala, kwa kuwa mara nyingi laini ni ya mume au ya kijana wa dukani, na bila kuandika vyote viwili mtabishana mlangoni. Daftari ni moja na linakaa saluni. Miadi ikiwa kwenye simu tatu za watu watatu, Jumanne moja itauzwa mara mbili.

Masharti ni matatu, na mteja anasomewa kabla hajalipa. Anaruhusiwa kubadilisha siku mara moja, akitoa taarifa siku mbili kabla. Akichelewa zaidi ya dakika 40, kazi inahamishiwa siku nyingine iliyo wazi, kwa sababu kichwa cha saa tano kikianza saa nne kinawakuta wateja wa mchana. Asipotokea bila taarifa, kianzio hakirudi, na 4,000 kati yake anapewa msusi aliyekaa bure. Mwaka jana alipotea mteja mmoja tu. Aliyefiwa au aliyelazwa namrudishia yote, hata kama sharti linaniondolea wajibu huo. Mbeya si kubwa hivyo.

Hatua ya saba: jua mapema kama inafanya kazi

Kwenye daftari ongeza safu moja yenye swali ambalo kila mteja wa ofa anaulizwa akiwa kwenye kiti: "Kama si nafasi hii, ungesukwa lini?" Majibu huwa ya aina tatu. Anayesema asingesukwa kabisa, au angesukwa kwingine, ni mteja mpya. Anayesema angekuja kati ya tarehe 19 na 24 ni wa faida pia, mradi kiti alichoacha kitapata mtu, na wiki ile hupata. Anayesema angekuja wiki hiihii ndiye anayekula zawadi bure. Hao wa tatu wakizidi saba katika 10, ofa imekwenda kwa watu wasiohitaji kushawishiwa, na mwakani majina ya kuanzia yabadilishwe.

Kipimo cha pili ni tarehe. Kufikia Ijumaa tarehe 27 Novemba nafasi tano kati ya 10 ziwe zimelipiwa. Zikiwa pungufu, usikimbilie kushusha bei. Waulize waliokataa sababu. Uzoefu wangu ni kwamba kinachokataliwa mara nyingi ni saa: mama mwenye watoto wadogo hawezi kuwa kwenye kiti saa mbili kamili, lakini saa nne anaweza. Nikamsogezea mmoja hadi saa nne, nikajua kiti hicho mchana hakitapokea wa njiani, na bado ilikuwa bora kuliko kukaa wazi. Umeme usiwatie hofu siku hizo, kwa sababu kusuka kunahitaji mwanga wa dirisha na maji ya moto tu. Hakikisha mtungi wa gesi umejaa.

Asubuhi za marudio

Tarehe 20 jioni wakumbushe wote 10 kwa ujumbe, kila mmoja na siku na saa yake. Anayefika anaangaliwa kwanza mstari wa uso. Kama kuna vipele, wekundu, au anasema panauma, usifumue na kusuka tena siku hiyo, maana kuvuta nywele za mbele zilizokwisha kuchoka ndiko kunakoacha upara wa pembeni. Mpake mafuta, mwoshee ngozi, mtengenezee nywele ndogo za mbele kwa jeli na mswaki laini, na umweleze sababu. Wengine wafumuliwe mistari miwili, si mitatu. Msusi atashawishiwa kuongeza "na huu mmoja hapa", na hapo dakika 45 zinakuwa saa moja na nusu na aliyefuata anaanza kupiga simu. Anayetaka zaidi ya miwili analipia 2,000 kwa kila mstari, na anasubiri hadi wa zamu yake wamalizike.

Saa tatu kamili mlango unafunguliwa kwa foleni ya kawaida. Msusi anapewa 3,000 zake za kila kichwa palepale, kabla hajagusa mteja mwingine, kwa sababu pesa ya marudio ikiachwa hadi jioni ya tarehe 23 huchanganyika na hesabu za siku nzima na hakuna anayekumbuka nani alimhudumia nani.